Dokezo kwa Mwenyekiti wa Bodi: taarifa ya tangi la maziwa na uamuzi unaohitajika ifikapo Ijumaa, 16 Januari 2026

Muheza, Tanga
Jumatatu, 5 Januari 2026

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi
Kutoka: Meneja
Nakala: Mhasibu

YAH: UNUNUZI WA TANGI LA KUPOZEA MAZIWA LA LITA 3,000

Ndugu Mwenyekiti,

Naambatisha taarifa ya kurasa 38 kuhusu uwezo wa kituo chetu cha kukusanyia maziwa, ambayo Bodi iliagiza iandaliwe kabla ya masika. Naomba Bodi iamue kama chama kinunue tangi jipya la lita 3,000 kwa Sh. 62,400,000, kwa kutumia Sh. 27,400,000 za mfuko wa mitambo na mkopo wa Sh. 35,000,000. Uamuzi unahitajika ifikapo Ijumaa, 16 Januari 2026. Masharti yetu yanataka wajumbe wapewe taarifa ya siku 7 kwa kikao cha dharura, na Jumatatu tarehe 12 ni sikukuu ya Mapinduzi, kwa hiyo barua za wito zikipata saini yako Alhamisi hii, tarehe 8, zitatoka siku hiyohiyo. Nimeziandaa na zimo ndani ya jalada hili.

Tarehe hiyo imetokana na hesabu ya kurudi nyuma kutoka mwezi Aprili. Ankara kifani ya mzabuni tunayempendekeza inaisha muda wake tarehe 23 Januari. Malipo ya awali yakifanyika ifikapo tarehe 21, tangi linafika baada ya wiki 8, yaani tarehe 18 Machi. Kulifunga, kuvuta umeme na kulijaribu kwa maji kabla ya kutia maziwa ni siku 10. Tunaanza kupokea tarehe 28 Machi, majani yakiwa yameanza kuota na maziwa yakianza kupanda. Suala likisubiri kikao cha kawaida cha tarehe 27 Februari, bei itabidi ijadiliwe upya na tangi litaanza kazi Mei, wakati sehemu kubwa ya hasara ya masika imeshatokea.

Kama muda ni mfupi, soma ukurasa wa 3, kurasa za 17 hadi 21 na Kiambatisho cha 4 (mtiririko wa fedha). Kurasa nyingine ni vielelezo: nakala za daftari la mapokezi, joto la maziwa lililopimwa kila nusu saa, na ankara za wazabuni.

Tatizo lenyewe unalijua, ila takwimu zake hazijawahi kuwekwa pamoja. Tangi letu ni la lita 2,000 na limetengenezwa kwa mikamuo miwili, maana yake kila mkamuo linaweza kupoza vizuri lita 1,000 tu. Aprili hadi Juni 2025 tulikuwa tunaletewa wastani wa lita 2,650 kwa siku, 1,750 asubuhi na 900 jioni. Lori la mnunuzi huja mara moja, saa tano na nusu asubuhi. Ili maziwa ya asubuhi yapate nafasi tulilazimika kufunga mapokezi ya jioni siku nyingi. Daftari linaonyesha lita 12,400 zilizorudishwa na wafugaji wenyewe kabla hata ya kupimwa, na lita nyingine 6,300 tulizozipokea, tukazilipia, kisha mnunuzi akazikataa kwa sababu zilikatika kwenye kipimo cha alkoholi.

Hizo 6,300 zinahitaji maelezo, maana wajumbe wamekuwa wakiwalaumu wafugaji kwa kuchanganya maji. Siyo maji. Maziwa yote hayo yalipita laktomita yetu kati ya 28 na 31. Yalichacha ndani ya tangi. Maziwa yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 ndani ya saa 3, na vipimo vya Novemba vinaonyesha tangi letu likitumia saa 5 na dakika 40. Fundi aliposafisha kondensa, iliyokuwa imeziba vumbi na manyoya, muda ulishuka hadi saa 4 na dakika 50, haukushuka zaidi. Kompresa imechoka. Tena kila maziwa ya asubuhi yanapomiminwa juu ya yale ya jioni yaliyokwisha kupoa, yote hupanda joto upya, na kompresa dhaifu haiwezi kuyarudisha chini kabla ya lori kufika.

Kwa bei ya kuuza ya Sh. 1,150 na faida ghafi ya Sh. 200 kwa lita, lita zilizokataliwa zilitunyima mapato ya Sh. 7,245,000 na zilizorudishwa zilitunyima faida ya Sh. 2,480,000. Jumla Sh. 9,725,000 kwa miezi mitatu. Wafugaji nao, kwa Sh. 950 kwa lita, walikosa Sh. 11,780,000, na baadhi yao sasa wanawauzia wachuuzi wa baiskeli hata siku ambazo tuna nafasi.

Njia tulizopima ni tatu, ukiacha ile ya kukaa kimya.

Kukarabati tangi la zamani kungegharimu Sh. 4,800,000. Muda wa kupoza ungerudi karibu na saa 3, lakini ukubwa ungebaki lita 2,000 zilezile. Isitoshe, mtambo huo unatumia gesi ya R22, ambayo uingizaji wake unapunguzwa hatua kwa hatua kuelekea 2030 chini ya Itifaki ya Montreal. Kila uvujaji utazidi kuwa ghali.

Tangi lililotumika la lita 5,000, kwa Sh. 31,000,000, ndilo litakalowavutia wajumbe wengi, kwa sababu ni kubwa na bei yake ni nusu. Naomba wasomaji wa taarifa watulie kwenye ukurasa wa 19. Tangi la aina hii halifanyi kazi vizuri mpaka maziwa yafikie takribani asilimia 10 ya ujazo, ili mikono ya kukorogea izame. Kwa lita 5,000 hiyo ni lita 500. Kiangazi sisi tunapokea lita 350 jioni. Mikono itazunguka hewani au itachapa maziwa juujuu: chini yanaganda barafu, juu yanatoa siagi, na kipimajoto kinasoma kitu kisicho kweli. Tangi la lita 3,000 linahitaji lita 300, kwa hiyo hata kiangazi litafanya kazi peke yake huku la zamani likiwa limezimwa.

Kwa tangi jipya la lita 3,000 tulipata bei mbili. Mzabuni A ni Sh. 54,900,000, Mzabuni B ni Sh. 62,400,000. Tofauti ya Sh. 7,500,000 itaulizwa, na jibu lake liko kwenye kibao cha daraja. La A ni 2CII, lililokadiriwa kwa hewa ya nyuzi 25. La B ni 2AII, lililokadiriwa kwa nyuzi 38. Chumba chetu cha mapokezi kilifika nyuzi 33 mchana wa Novemba. Ahadi ya tangi la A ya kupoza kwa saa 3 haituhusu sisi wa huku. Tunapendekeza B. Likifungwa, lita 1,500 kwa mkamuo zitaingia humo na zinazozidi zitaenda kwenye tangi la zamani, ambalo likibebeshwa kidogo bado linafaa.

Jenereta halihitaji kubadilishwa. Letu la kVA 15 halitaweza kuwasha matangi yote mawili kwa mpigo, kwa sababu kompresa ikiwaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea. Tutafunga saa ya kuchelewesha tangi la pili, Sh. 380,000, ambayo imo ndani ya bei ya B.

Malipo yamegawanywa hivi: asilimia 40 ya awali (Sh. 24,960,000) kutoka mfuko wa mitambo, asilimia 50 (Sh. 31,200,000) tangi likifika na kukaguliwa, asilimia 10 (Sh. 6,240,000) baada ya siku 30 za kufanya kazi bila kuzidi saa 3. Usikubali hiyo asilimia 10 iondolewe kwenye majadiliano, ndiyo kinga pekee tuliyonayo baada ya fundi kuondoka.

Mkopo ni wa miezi 24, riba asilimia 9 kwa mwaka kwa salio linalopungua, rejesho takribani Sh. 1,599,000 kwa mwezi. Ukomo wetu wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis ni Sh. 60,000,000, na deni la pembejeo na vyakula vya mifugo ni Sh. 18,500,000. Tukiongeza mkopo huu tunafika Sh. 53,500,000, kwa hiyo hatulazimiki kuitisha mkutano mkuu maalumu.

Sasa sehemu ngumu. Marejesho ya mwaka ni Sh. 19,188,000. Hasara tutakayoiepuka ni Sh. 9,725,000. Nyingine inatakiwa itoke kwenye nyongeza ya Sh. 25 kwa lita ambayo mnunuzi amekubali kwa barua kulipia maziwa yanayofika kwenye lori yakiwa nyuzi 4 au chini. Kwa lita 500,000 kwa mwaka ni Sh. 12,500,000. Ukitoa Sh. 900,000 za umeme na sabuni za ziada, tunabakiwa na Sh. 2,137,000 tu. Ni kidogo. Na nyongeza hiyo isipopatikana, mradi hauwezi kujilipia na pengo litatafuna ziada ya wanachama. Mhasibu, kwa sababu hiyo, anashauri tusubiri hadi Juni. Maoni yake yako ukurasa wa 34 kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nashauri tuendelee, kwa sharti kwamba hakuna shilingi inayotoka kwenda kwa mzabuni kabla nyongeza haijaingizwa kwenye mkataba kwa saini ya mnunuzi. Barua peke yake haitoshi. Rasimu imeshapelekwa kwake na majibu yanatarajiwa tarehe 14.

Ikikupendeza, azimio liwe na maneno haya:

"Bodi imeidhinisha (a) ununuzi wa tangi la lita 3,000, daraja 2AII, kutoka kwa Mzabuni B kwa bei isiyozidi Sh. 62,400,000, (b) mkopo usiozidi Sh. 35,000,000 kwa miezi 24, utakaosainiwa na Mwenyekiti na Meneja, na (c) malipo ya awali ya Sh. 24,960,000, yatakayofanyika baada tu ya kusainiwa kwa nyongeza ya mkataba wa mauzo."

Kuna jambo moja la utaratibu. Mjumbe mmoja ana undugu na mwenye tangi lililotumika. Ni vyema umkumbushe kabla ya kikao atangaze maslahi na atoke wakati wa kura, na muhtasari uonyeshe hivyo. Wakaguzi hulitafuta hilo kwanza.

Bodi ikikataa, naomba jibu hilo nalo kwa tarehe hiyohiyo. Nitahitaji Februari yote kupanga zamu za jioni kwa wafugaji 318, na kuagiza kompresa ya tangi la zamani kabla mvua hazijaanza.

Nitakuwepo ofisini kila siku wiki hii hadi saa kumi jioni, na naweza kukuletea vielelezo nyumbani ukipenda tuvipitie pamoja.

Naomba kuwasilisha.

Meneja

Viambatisho: Taarifa (kurasa 38), barua 9 za wito, rasimu ya nyongeza ya mkataba wa mauzo