TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE: KUTOA DISKI ZA PLAU ZILIZOSHIKWA NA KUTU KABLA YA KUPANDA

Ndugu wanachama,

Mvua zinakaribia, na plau nyingi zilizolala nje tangu msimu uliopita zimeliwa na kutu. Katika zile zilizoletwa bandani wiki hii, kuna ambazo diski imeng'ang'ania ekseli kiasi kwamba nati haisogei hata mtu akining'inia kwenye spana. Hapo ndipo watu wanapoumia. Msimu uliopita mwenzetu mmoja aliongezea bomba refu kwenye spana, spana ikachomoka, akaangukia makali ya diski ya pili. Alishonwa mkono na palizi yote ikampita. Kwa hiyo Kamati ya Zana inaomba kila atakayegusa plau, awe mwenye mali, kibarua au dereva, asome maelekezo haya au asomewe.

Anza mapema, ikiwezekana wiki mbili kabla ya kuingia shambani. Kutu inahitaji mafuta na muda, na mwenye haraka ndiye anayekimbilia nyundo na moto.

Kabla ya kugusa nati yoyote, egesha trekta mahali tambarare na pagumu, vuta breki ya mkono, zima injini na uweke funguo mfukoni mwako mwenyewe. Shusha plau hadi itue chini. Ikibidi ibaki juu ili upate nafasi ya kufanya kazi, iweke juu ya stendi za chuma au magogo imara yaliyopangwa vizuri. Haidroliki peke yake haitoshi: mpira ukipasuka au mtoto akigusa mkono wa kushushia, plau inashuka papo hapo. Jeki nayo ni ya kunyanyulia tu, haifai kuachiwa mzigo. Kisha kaza diski zote kwa kabari za mbao mbele na nyuma, maana ekseli ikizunguka ghafla ukiwa unavuta spana, vidole vinabaki katikati.

Vaa buti ngumu, miwani ya kinga na glavu nene za ngozi. Diski iliyolima misimu kadhaa ina makali kama panga. Uzito wake pia usiudharau: diski ya inchi 26 yenye unene wa milimita 6 inakaribia kilo 16, na ikiteleza haikupi muda wa kuondoa mguu. Funika makali kwa kipande cha mpira wa zamani uliopasuliwa kwa urefu, au gunia lililokunjwa mara kadhaa.

Sasa kutu yenyewe. Kwangua udongo na grisi iliyokauka, halafu sugua nyuzi za ekseli kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Tafuta pini au kifungio cha nati na ukitoe kwanza, kwa sababu kuna watu wanahangaika kutwa nzima na nati ambayo bado imefungwa kwa pini iliyofichwa na matope. Tazama pia nyuzi zimeelekea wapi. Baadhi ya ekseli zina nyuzi za kushoto, na ukivuta kwa mazoea utakuwa unakaza badala ya kulegeza.

Paka mafuta ya kupenyeza kutu pale nati inapokutana na ekseli, na pale diski inapogusa shingo ya ekseli. Gonga nati kwa wepesi kila upande, siyo kwa hasira. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta. Acha ilale. Asubuhi rudia kupaka na kugonga, na usiku mwingine ikihitajika. Nati nyingi huachia zenyewe ukiwa na subira hiyo.

Wakati wa kuvuta, tumia spana ya saizi kamili inayoshika nati pande zote. Spana iliyopanuka au ya kurekebisha itakula kona za nati na kazi itakuwa ngumu maradufu. Jiweke ili uvute kuelekea kwako, miguu ikiwa imara, na jiulize: ikichomoka sasa hivi, nitaangukia nini? Kama jibu ni diski, badilisha upande. Nati ikisogea kidogo tu, usiendelee kwa nguvu. Irudishe nyuma kidogo, ongeza mafuta, iendeleze tena. Kwenda na kurudi hivyo huondoa kutu kwenye nyuzi bila kukata ekseli.

Nati ikitoka, diski bado inaweza kukataa. Usiigonge diski moja kwa moja kwa nyundo ya chuma. Chuma cha diski kimekazwa kwa moto kiwandani na hupasuka. Kipande kinachoruka kinaweza kumtoa mtu jicho. Weka gogo la mbao ngumu katikati, ugonge karibu na ekseli, ukibadilisha pande. Ukiwa na puli ya kuvutia, ifunge sawasawa, kaza taratibu, na kaa pembeni yake. Usisimame mbele ya puli iliyokazwa, wala usiruhusu mtu apite hapo.

Kuhusu moto, msimamo wa kamati ni huu: mwanachama asipashe ekseli nyumbani. Mafuta uliyopaka yanawaka. Grisi na hewa vilivyofungiwa kwenye kikombe cha beringi vinaweza kulipuka vikipata joto, na diski iliyopashwa hupoteza ugumu wake, ikipinda kwenye kisiki cha kwanza. Ikibidi kupasha nati au kuikata kwa grainda, lete plau bandani kwa fundi wetu. Hapo mafuta yatapanguswa kwanza, nyasi zitaondolewa, na ndoo za mchanga na maji zitakuwa karibu.

Plau yenye diski kadhaa kwenye ekseli moja isifunguliwe na mtu mmoja. Nati ya mwisho ikilegea, diski na vipande vinavyozitenganisha vinaweza kuteleza vyote kwa pamoja. Wawe watu wawili, mmoja akiegemeza, mwingine akitoa moja moja. Piga picha kwa simu kabla ya kuanza, uone upande wa bonde la kila diski na mpangilio wa vipande. Utatushukuru siku ya kurudisha. Watoto wakae mbali, na diski iliyotolewa ilazwe chini, isisimamishwe ukutani.

Ukikatwa, hata kidogo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo, na plau ni udongo mtupu.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuzi, paka grisi, weka pini mpya, na ukague beringi kwa kuzungusha kwa mkono: ikikwaruza au kucheza, ibadilishwe sasa. Baada ya saa ya kwanza ya kulima, zima trekta na ukaze nati tena. Mafuta machafu yakusanywe kwenye dumu na kuletwa bandani. Yasimwagwe shambani wala karibu na kisima.

Fundi atakuwepo bandani kila Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, mpaka mvua zianze. Spana kubwa, puli na stendi zinaazimwa na wanachama bila malipo: andika jina kwenye daftari la stoo, na urudishe siku inayofuata. Mwenye plau nzito asiyeweza kuisafirisha amjulishe katibu mapema, tupange siku ya kumfuata.

Kamati ya Zana na Mashine
Kwa niaba ya Bodi ya Ushirika