Hotuba ya mfamasia kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, Kata ya Igurusi, Wilaya ya Mbarali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, wahudumu wa afya ya jamii, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana: wazee shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Ninamshukuru Mwenyekiti kwa kunipa nafasi kabla ya ajenda ya mifereji, maana ninajua wengi mmekuja kwa ajili ya maji ya mashambani.

Nimekuja kuzungumza juu ya vidonge vinavyobaki. Katika nyumba zetu nyingi kuna kikopo juu ya kabati, au mfuko mdogo wa nailoni uliochomekwa ukutani, ambamo mna vidonge vinne vya mseto wa malaria, sita vya jirani na viwili ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Tunaviita akiba. Mimi, kwa kazi yangu, nikiviona ninajua kwamba katika nyumba hiyo yupo mtu ambaye hakumaliza tiba, kwa sababu dozi ya mseto huhesabiwa ili isibaki hata kidonge kimoja. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 na kuendelea hupewa vidonge 24, yaani vinne kwa kila mlo wa dawa, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu.

Ninafahamu kwa nini watu huacha katikati. Mgonjwa anakunywa dawa leo, kesho homa imeshuka, kesho kutwa amepata nguvu za kwenda kwenye jaruba, na akitazama pakiti anaona vidonge vimebaki, naye anajiuliza anatibu nini tena. Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Ndani ya kidonge kimoja cha mseto mna dawa mbili. Ya kwanza, artemetha, huua vimelea wengi kwa haraka sana, na ndiyo inayoshusha homa, lakini huondoka mwilini ndani ya saa chache. Ya pili, lumefantrini, hufanya kazi polepole na hukaa mwilini kwa siku kadhaa, ikiwafagia vimelea waliosalia. Kwa hiyo siku unayojisikia umepona ni siku ambayo vimelea wamepungua kiasi cha kutokuletea homa, ilhali wapo bado katika damu, na wakiachwa huzaliana upya.

Miaka michache iliyopita, wakati wa kuvuna mpunga, kijana mmoja aliyekuja kufanya kibarua huku bondeni akitokea milimani alipimwa, akakutwa na malaria, nami nikampa dozi yake kamili. Siku ya pili mdogo wake, waliyelala naye kambi moja, akapandwa na homa. Kaka akafanya lile ambalo sisi sote tumefundishwa na wazazi wetu: alichokuwa nacho akakigawa, vidonge 12 kwake na 12 kwa mdogo wake. Wiki ya tatu waliletwa wote wawili kwa bodaboda. Kaka alikuwa na malaria tena. Mdogo alikuwa hajitambui, akalazwa na kuchomwa sindano za atesuneti, na kwa neema ya Mungu akapona. Sijawahi kumlaumu kaka yule. Ninajilaumu mimi, kwa sababu nilimkabidhi pakiti dirishani nikamwambia nne kutwa mara mbili, bila kumweleza kwamba kumgawia mwenzake kungewaacha wote wawili na nusu ya tiba. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo.

Mtu anayetoka milimani, Umalila au Uporoto, ambako baridi huwapunguza mbu, mwili wake haujazoea malaria kama wa mtu aliyekulia hapa Usangu, na ugonjwa unaweza kumzidi kwa siku chache tu. Mnaopokea vibarua, tafadhali mlikumbuke jambo hilo.

Kugawana kuna madhara mengine. Dawa hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hunywa kidonge kimoja kwa kila mlo wa dawa, wa kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, wa kilo 25 hadi chini ya 35 vitatu. Bibi anayemkatia mjukuu kidonge kwa kukadiria kwa macho anaweza kumpunguzia au kumzidishia, hata kama anampenda kuliko nafsi yake. Tena si kila homa ni malaria. Mtoto anayehema harakaharaka huenda ana nimonia, na mseto haumtibu nimonia. Unachofanya ni kumchelewesha nyumbani siku mbili ambazo angekuwa anatibiwa. Kipimo cha haraka huchukua kama robo saa. Njooni mpimwe kwanza.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka klorokwini, jinsi ilivyokuwa chungu na jinsi ilivyowawasha wengine mwili mzima. Ilituponya kwa miaka mingi, kisha vimelea wakaizoea, na mwaka 2001 nchi yetu ikalazimika kuiacha na kutumia SP. Nayo SP haikudumu, na ilipofika 2006 ndipo tukaanza kuupokea mseto. Sasa watafiti wameshabaini huko Kagera vimelea ambao artemisinini, yaani jamii ya dawa ambamo artemetha imo, inachelewa kuwaondoa mwilini. Dawa inayokutana na vimelea kwa kiwango pungufu huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wanaoweza kuistahimili, kisha mbu huwachukua hao na kuwapeleka nyumba ya pili. Mseto bado unatibu. Ninataka uendelee kuwatibu watoto mlionao mapajani wakiwa watu wazima.

Sasa namna ya kuunywa. Mlo wa kwanza wa dawa unywe mara tu unapopewa, wa pili baada ya muda wa saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Unywe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa maana bila mafuta lumefantrini haiingii vizuri mwilini: chai ya maziwa inatosha, au karanga, au mboga iliyoungwa, na huku kwetu Mbeya parachichi halikosekani. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, rudia kiasi kilekile, kisha uje uongezewe vidonge ili dozi itimie. Ukisahau, kunywa pale unapokumbuka, uendelee mpaka mwisho. Mgonjwa akipata degedege, akitapika kila kitu, akashindwa kunyonya au akapoteza fahamu, usimtafutie vidonge. Mkimbize kituoni usiku huohuo.

Wenye maduka ya dawa muhimu, ndugu zangu katika kazi, ninawaomba msiuze nusu dozi kwa mtu mwenye fedha pungufu. Ninajua ni vigumu kumrudisha mgonjwa. Mpelekeni zahanati kuliko kumpa vidonge vinane.

Pale chini ya mwembe nimeweka meza na boksi. Mwenye vidonge vilivyobaki nyumbani, vya malaria au vya ugonjwa mwingine wowote, avilete leo kabla ya saa kumi jioni. Sitaandika jina la mtu wala kuuliza vilibaki kwa nini. Msivitupe mferejini wala chooni. Na kama yupo aliyeanza mseto wiki hii akauacha, aje tuzungumze faraghani, nimweleze la kufanya kabla hajarudi shambani. Asanteni sana, Mheshimiwa Mwenyekiti.