Jaribio la Kemia, Kidato cha Tatu: Kipi Kitaisha Kwanza?

Muda: dakika 45. Alama: 30. Kikokotoo kinaruhusiwa, simu haziruhusiwi.

Jibu maswali yote na uonyeshe njia. Jibu lisilo na njia linapata alama moja tu hata likiwa sahihi, maana jirani yako naye ana macho. Chukulia kwamba kila mmenyuko unakwenda hadi mwisho, isipokuwa swali liseme vingine.

Tungamo za atomu: H = 1, C = 12, N = 14, O = 16, Na = 23, Mg = 24, Al = 27, Cl = 35.5, Ca = 40, Fe = 56, Zn = 65.

Swali la 1 (alama 3)

Fundi ana bodi 7 za bajaji na tairi 18. Kila bajaji inachukua bodi moja na tairi tatu. Ataunda bajaji ngapi? Kipi kitamkwamisha, na atabaki na nini?

Swali la 2 (alama 5)

Utepe wa magnesiamu wenye gramu 4.8 uliunguzwa ndani ya chombo chenye gramu 4.8 za oksijeni.

2Mg + O₂ → 2MgO

(a) Taja kitendanishi kikomo.
(b) Tafuta tungamo ya MgO iliyotokea.
(c) Gesi iliyobaki ni gramu ngapi?

Swali la 3 (alama 6)

Amonia ndiyo mama wa mbolea ya urea mnayoiona ikimwagwa kwenye mahindi. Fritz Haber alionyesha namna ya kuitengeneza kutokana na naitrojeni ya hewani mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913.

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Gramu 42 za naitrojeni zimechanganywa na gramu 6 za haidrojeni.

(a) Kila gesi ina moli ngapi?
(b) Taja kitendanishi kikomo, na utoe sababu.
(c) Tafuta tungamo ya amonia na ya gesi iliyobaki.

Swali la 4 (alama 6)

Mafundi wa reli huunga vyuma kwa kuwasha mchanganyiko wa unga wa alumini na oksaidi ya chuma. Joto linalotoka linayeyusha chuma, nacho kinamiminika kwenye pengo kati ya reli mbili. Hans Goldschmidt alipata hataza ya njia hii mwaka 1895.

Fe₂O₃ + 2Al → Al₂O₃ + 2Fe

Fundi amechanganya kilo 3.2 za Fe₂O₃ na kilo 1.35 za alumini. Atapata kilo ngapi za chuma? Kitendanishi gani kimezidi, na kwa gramu ngapi?

Swali la 5 (alama 7)

Magadi yaliyosafishwa (Na₂CO₃) yakikorogwa na maji ya moto pamoja na chokaa iliyozimwa, hutoa sodiamu haidroksaidi, ile inayotumika kutengenezea sabuni.

Na₂CO₃ + Ca(OH)₂ → 2NaOH + CaCO₃

Kikundi kimoja kilitumia gramu 53 za Na₂CO₃ na gramu 44.4 za Ca(OH)₂.

(a) Tafuta kitendanishi kikomo.
(b) NaOH itakuwa gramu ngapi? Na CaCO₃ je?
(c) Kikundi kilichuja, kikakausha mashapo vizuri, kikapima gramu 55. Kiongozi wao akaandika: "Tumepata asilimia 110 ya CaCO₃." Mizani ilikuwa nzima na mashapo yalikuwa makavu. Hizo gramu za ziada zimetoka wapi?

Swali la 6 (alama 3)

Gramu 6.5 za zinki zilitiwa katika mmumunyo wenye gramu 7.3 za HCl.

Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂

Kitendanishi kikomo ni kipi? Haidrojeni itakayotoka ni gramu ngapi?

MAJIBU NA MAELEZO YA KUSAHIHISHIA

1. Tairi 18 ÷ 3 = 6. Bodi 7 ÷ 1 = 7. Bajaji 6, tairi ndizo zinazomkwamisha, inabaki bodi moja. Tairi ni nyingi kuliko bodi, lakini ndizo zinazoisha. Anayelielewa hili hapa hatahangaika swali la 3.

2. Mg: 4.8 ÷ 24 = moli 0.2. O₂: 4.8 ÷ 32 = moli 0.15. Moli 0.2 za Mg zinahitaji moli 0.1 tu za O₂, kwa hiyo magnesiamu ndiyo kikomo. MgO ni moli 0.2 × 40 = gramu 8.0. O₂ iliyobaki: 0.05 × 32 = gramu 1.6. Hakiki: 8.0 + 1.6 = 9.6, sawa na tulichoanza nacho.

Wapo watakaogawa 4.8 kwa 16. Oksijeni ya hewani hutembea wawili wawili. Kata alama moja, kisha fuata hesabu yao iliyobaki.

3. N₂: 42 ÷ 28 = moli 1.5. H₂: 6 ÷ 2 = moli 3. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaona 1.5 ni ndogo kuliko 3, wanaandika naitrojeni. Idadi ya moli peke yake haisemi kitu mpaka uiulize mlinganyo: moli 1.5 za N₂ zinadai moli 4.5 za H₂, nazo zipo 3. Haidrojeni ndiyo kikomo.

Uwiano wa H₂ kwa NH₃ ni 3 kwa 2, hivyo amonia ni moli 2 × 17 = gramu 34. N₂ iliyotumika ni moli 1, imebaki 0.5 × 28 = gramu 14. Jumla 48, sawa. (Kiwandani mmenyuko haufiki mwisho, gesi zisizoungana hurudishwa tena kwenye mtambo.)

4. Fe₂O₃: 3200 ÷ 160 = moli 20. Al: 1350 ÷ 27 = moli 50. Moli 20 za oksaidi zinahitaji moli 40 za Al, kwa hiyo oksaidi ndiyo kikomo, ingawa ni nzito zaidi ya mara mbili ya alumini. Chuma: moli 40 × 56 = gramu 2240, yaani kilo 2.24. Alumini iliyozidi: 10 × 27 = gramu 270. Asiyebadili kilo kuwa gramu lakini uwiano wake uko sawa asinyimwe alama za njia.

5. (a) Na₂CO₃: 53 ÷ 106 = moli 0.5. Ca(OH)₂: 44.4 ÷ 74 = moli 0.6. Uwiano ni 1 kwa 1, magadi ndiyo kikomo.

(b) NaOH: moli 1.0 × 40 = gramu 40. CaCO₃: moli 0.5 × 100 = gramu 50.

(c) Chokaa imezidi kwa moli 0.1, yaani gramu 7.4, na chokaa iliyozimwa huyeyuka kidogo sana majini. Kwenye mmumunyo wa NaOH huyeyuka kidogo zaidi. Karibu yote inabaki juu ya karatasi ya kuchujia, nyeupe kama CaCO₃ yenyewe, jicho haliwezi kuitofautisha. Mashapo yangeweza kufika gramu 57.4. Alama mbili kamili kwa anayetaja chokaa iliyobaki. Anayeandika "walikosea kupima" hana alama, swali limeshasema mizani ilikuwa nzima.

6. Zn: moli 0.1. HCl: 7.3 ÷ 36.5 = moli 0.2. Uwiano ni 1 kwa 2 barabara: hakuna kikomo, vyote vinaisha pamoja. H₂ ni moli 0.1, gramu 0.2. Aliyechagua kimoja kwa sababu swali lilisema "ni kipi" apewe alama ya haidrojeni tu.