TANGAZO KWA MADEREVA: VIBANDIKO VYA RANGI KWENYE VIFUNIKO VYA TANGI LA MAFUTA

Kutoka: Ofisi ya Usafirishaji, Dar es Salaam
Kwa: Madereva, mautingo na wasimamizi wa yadi za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma

Ndugu madereva,

Kuanzia Jumatatu ijayo kila gari la kampuni litakuwa na kibandiko cha rangi mahali pa kujazia mafuta. Njano ni DIZELI. Nyekundu ni PETROLI. Kibandiko kimoja kiko nje ya kijimlango cha tangi, kingine juu ya kifuniko chenyewe, na ufunguo wa gari una kishikizo cha rangi hiyo hiyo. Land Cruiser zenye tangi la akiba zina vifuniko viwili, na vyote vimebandikwa. Malori yenye kifuniko cha bluu cha kiwandani yabaki hivyo: humo inaingia AdBlue peke yake, kamwe si dizeli.

Jina la mafuta limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya rangi. Wapo wasiotofautisha rangi vizuri, na usiku chini ya taa za njano yeyote anaweza kukosea. Soma neno.

Kwa nini tumefanya hivi

Hiace na Hilux zetu zipo za petroli na za dizeli, na ukizitazama kwa nje ni zile zile. Dereva aliyezoea moja akikabidhiwa nyingine asubuhi, mkono unafuata mazoea. Yale yaliyotoka Japani yana maandishi ya Kijapani kwenye kijimlango, ambayo mhudumu wa sheli hawezi kuyasoma.

Kubwa zaidi ni hili: mdomo wa pampu ya petroli una kipenyo cha kama milimita 21, wa dizeli kama milimita 25. Ule wa petroli unazama kwenye tangi la dizeli bila kizuizi chochote. Kosa lililo rahisi zaidi ndilo lenye hasara kubwa zaidi, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha na nozo. Petroli ikiingia, ulainisho unaondoka, chuma kinasagana na chuma, na chembe zake zinasambaa mpaka kwenye nozo. Kwenye injini za D-4D, ambako presha hupita baa 1,000, uharibifu huo huja haraka, na mara nyingi pampu, nozo na mabomba hubadilishwa kwa pamoja.

Dizeli kwenye gari la petroli huchafua plagi, injini inamisi, inatoa moshi na kuzima. Hasara yake kwa kawaida ni ndogo, ila gari lisiendeshwe hata hivyo.

Ukifika sheli

Zima injini, shuka, fungua kifuniko mwenyewe na umwonyeshe mhudumu kibandiko. Taja aina kwanza, kiasi baadaye: "Dizeli, lita 40." Usiseme "jaza" ukabaki kwenye kiti. Soma jina lililoandikwa kwenye pampu kabla mdomo haujaingia tangini. Rangi zetu ni za kampuni tu. Mipira na vishikio vya pampu hutofautiana sheli hadi sheli, kwa hiyo usilinganishe rangi kwa rangi. Mdomo ukikataa kuingia kwenye gari la petroli, usiulazimishe: huenda ni wa dizeli. Kabla ya kuwasha, hakikisha risiti ya EFD inataja mafuta yale yale ya kwenye kibandiko.

Yakiingia mafuta yasiyo yake

Usiwashe gari. Hata swichi usiifungue, kwa sababu kwenye magari mengi pampu ya ndani ya tangi huanza kusukuma mafuta papo hapo. Weka gia huru, lisukumwe pembeni, kisha piga simu ya zamu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Taja namba ya gari, aina ya mafuta na lita zilizoingia. Usiongeze mafuta sahihi ukitegemea yatazimua, na hata lita tano tutajie. Usinyonye kwa mpira mdomoni, wala usimruhusu fundi wa barabarani kumwaga tangi: mchanganyiko wenye petroli hushika moto upesi.

Ukigundua ukiwa njiani, yaani injini ya dizeli inagonga, inakosa nguvu au inazimazima, egesha mahali salama, zima, na usijaribu kuwasha tena.

Dereva atakayetoa taarifa kabla ya kuwasha hatakatwa gharama za kumwaga tangi na kubadilisha filta. Tunataka simu ile ipigwe mapema.

Kutunza vibandiko

Mafuta yanayodondoka hulegeza gundi, basi futa mdomo wa tangi kwa kitambaa kikavu kila ukijaza. Mashine ya presha isielekezwe kwenye kibandiko. Kikichanika au kufifia, andika kwenye ukaguzi wa asubuhi na uchukue kipya stoo. Gari lisitoke yadi bila hicho. Usihamishe kifuniko kutoka gari moja kwenda jingine hata kama kinaenea. Madumu na jenereta za saiti zitabandikwa rangi hizo hizo wiki inayofuata.

Meneja wa Usafirishaji