Orodha ya shoti na ratiba ya siku moja: filamu fupi ya dele, Mji wa Kale, Mombasa

Jumanne, 11 Agosti 2026. Maonyesho 5, kurasa 5 na robo, shoti 24. Waigizaji 3 (Bibi, Kijana, Muuza Kahawa), mafundi 9. Lokesheni tatu, zote za kutembea kwa miguu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Simu ikisoma 5:20, hapa ni saa 11:20 alfajiri. Anayeweka kengele ya simu ahesabu vizuri, maana kosa moja hapa ni saa sita nzima.

Jua linachomoza 12:27 asubuhi, linatua 12:25 jioni. Adhuhuri 6:28, alasiri 9:48, magharibi 12:26, kwa makadirio. Mwadhini wa msikiti ulio jirani na nyumba ya Bibi anaweza kutangulia au kuchelewa dakika mbili tatu, kwa hiyo ratiba imeacha nafasi pande zote mbili. Hakuna kurekodi mazungumzo adhana inapoadhiniwa. Misikiti ya Mji wa Kale iko karibu karibu, adhana moja hufuatwa na nyingine, na sauti hizo hazitoki kwenye uhariri.

YALIYOBADILIKA BAADA YA KUKAGUA LOKESHENI

Maji ndiyo yaliyopanga siku hii. Mwezi mpya ni tarehe 12, kwa hiyo ni bamvua: maji yanapwa mbali na kujaa juu. Asubuhi yanafika chini kabisa karibu saa 3:15, na mchana yanajaa karibu saa 9:30. Kwa hiyo saa 12 asubuhi tutayakuta yako nusu na yanashuka mbio: ngazi moja ya mawe hutokeza kwa kila robo saa hivi. Shoti mbili za Onyesho la 1 zikipishana kwa nusu saa, mtazamaji ataona Kijana amekaa karibu na maji, kisha maji yamemkimbia. Ndiyo maana shoti pana inapigwa kwanza, na shoti zinazofuata hazionyeshi ukingo wa maji. Faida yake ni kwamba jioni, maji yakipwa tena, yanapita karibu kimo kilekile. Onyesho la 5 litafanana na la 1 bila sisi kufanya lolote.

Onyesho la 4 (barazani) limeandikwa alasiri, lakini linapigwa asubuhi. Baraza letu linatazama magharibi: asubuhi liko kivulini, ukuta wa mbele unarudisha mwanga laini, na wazee wenye baraza lao hawajatoka. Baada ya saa 9 jua linapiga usoni, wenyewe wanakaa, na tuktuki zinapita bila kukatika. Sisi ni wageni pale. Hatuwezi kuwainua watu barazani kwao.

Onyesho la 3 limesukumwa katikati ya mchana kwa sababu ni la ndani. Saa 6:26 jua liko juu sana, nyuzi 71 hivi, na mwezi huu linaelemea kaskazini. Nje, kila uso utakuwa na matundu meusi machoni. Ndani, dirisha la sebule linapata mwanga uliogonga ukuta wa ng'ambo ya kichochoro, na unatulia mpaka karibu saa 8:30. Baada ya hapo taa ndizo zibebe kazi.

ORODHA YA SHOTI (kwa mpangilio wa kupigwa)

Kamera moja, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, na ukicheza na shata, taa za mirija za sebuleni zitapepesa. Lenzi 24, 35, 50 na 85 mm. Pana, kati na karibu ni ukubwa wa shoti.

Onyesho la 1. Nje, ngazi za Leven, alfajiri. Nusu ukurasa. Bila mazungumzo.
1A. Pana, 24 mm, tripodi, ngazi ya juu. Mgongo wa Kijana, maji, ng'ambo ya English Point. Kabla ya jua, 12:12. Mara tatu, si zaidi.
1C. Karibu sana, 50 mm, mkononi. Vidole vinasugua dele kwa ndimu na majivu. Shaba ing'ae upande mmoja tu. Upande wa pili ubaki mweusi, utahitajika 3F.
1B. Karibu, 85 mm, uso kwa ubavu. Jua litatokeza nyuma ya majengo ya ng'ambo dakika chache baada ya 12:27. Kichujio cha ND kiwe mkononi, kwani mwanga unapanda haraka kuliko mtu anavyofungua begi.
1D. Maji na mawe, bila mwigizaji. Ya ziada.

Onyesho la 2. Nje, kichochoro cha milango ya nakshi, asubuhi. Theluthi ya ukurasa na ushei.
2A. Pana, 35 mm, tripodi. Kijana anakuja, dele limefungwa kwa kikoi.
2B. Kufuata kwa gimbali, 24 mm, nyuma yake, hatua 30. Mawe hayako sawa: msaidizi amshike mpiga picha kiunoni.
2C. Nakshi za mlango, 85 mm. Ya ziada.
2D. Kati, 50 mm. Kijana anabisha hodi, mlango unafunguliwa kidogo. Mkono unaofungua ni wa msaidizi wa mavazi, ndani ya kanga ya Bibi. Bibi mwenyewe hajafika saa hizo.

Onyesho la 4. Nje, baraza. Ukurasa 1 na robo na ushei. Kijana na Muuza Kahawa.
4A. Wawili pamoja, 35 mm, onyesho zima tangu mwanzo hadi mwisho.
4B. Kati ya Muuza Kahawa, 50 mm, kutoka begani mwa Kijana.
4C. Kati ya Kijana, begani mwa Muuza. Kamera ibaki upande wa kusini wa kichochoro; ikivuka, macho yao hayatakutana.
4D. Karibu, 85 mm, Kijana akitajiwa bei ya dele.
4E. Vikombe vikigonganishwa, kahawa ikimiminwa. Ya ziada kwa picha, lakini sauti ya vikombe irekodiwe hata kama picha imeachwa.

Onyesho la 3. Ndani, sebule ya Bibi. Kurasa 2 na theluthi na ushei. Hapa ndipo filamu ilipo. Shoti zote zinazotazama dirisha kwanza, kisha taa zigeuzwe mara moja tu.
3A. Pana, 24 mm, kutoka mlangoni, onyesho zima.
3B. Kati ya Bibi, 50 mm.
3C. Karibu ya Bibi, 85 mm. Ipigwe kabla ya chakula, angali na nguvu.
3D. Mkono wa Bibi juu ya dele, 50 mm.
Hapa taa zinageuzwa.
3E. Karibu ya Kijana, 85 mm.
3F. Dele mezani, upande mweusi mbele, Kijana nyuma hajakolea.
3G. Picha ya babu ukutani. Ya ziada.
3H. Wawili, 35 mm, kutoka dirishani. Kijana anainuka, anaondoka na vikombe.

Onyesho la 5. Nje, ngazi za Leven, machweo. Nusu ukurasa na ushei.
5A. Pana, fremu ileile ya 1A. Msaidizi wa kamera aje na picha ya 1A kwenye simu, na idadi ya ngazi zilizokuwa kavu.
5B. Karibu, 85 mm, Kijana anamimina kikombe cha kwanza. Kahawa iwe ya moto kweli. Ikiwa vuguvugu, mvuke wake hauonekani katika joto la pwani.
5C. Kati kutoka chini, 35 mm. Anapanda, anatoka kwenye fremu.

RATIBA

11:20 alfajiri. Mafundi wote na Kijana, maegesho ya karibu na Fort Jesus. Vifaa vinaingia kwa mkokoteni. Gari halitafika ngazini. Kamera isilale kwenye chumba chenye AC: ikitolewa kwenye hewa ya bahari, lenzi hufunga ukungu hadi nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo Onyesho la 1.
12:10–12:55. Onyesho la 1.
1:10–2:00. Onyesho la 2.
2:00–2:25. Mahamri na mbaazi, chai. Muuza Kahawa anafika saa 2:00, anavaa watu wakila.
2:30–4:40. Onyesho la 4. Mbili kati ya dakika hizi 130 ni za kusubiri tuktuki, au arobaini, inategemea siku. Ni likizo, watoto watakuja. Mwangalizi wa lokesheni akae nao mwanzo wa kichochoro, awaonyeshe skrini mara moja, wataridhika.
3:30. Fundi taa anatangulia nyumbani kwa Bibi.
4:00. Bibi anachukuliwa kwao kwa gari. Ana miaka 71: kiti, kivuli na maji viwe tayari kabla hajashuka, na asiitwe kwenye seti mpaka fremu imekamilika.
5:10–6:25. 3A hadi 3D.
6:25–7:20. Swala na chakula. Pilau na kachumbari, sahani 14: watu 12 na wenye nyumba wawili.
7:20–9:10. 3E hadi 3H, kisha sekunde 45 za ukimya wa chumba, mtu asisogeze hata mguu. Bibi anaachiwa 9:15.
9:10–10:30. Mapumziko. Dakika 25 za mwanzo ni akiba ya shoti zisizo na sauti zilizobaki. Anayefikiri mapumziko haya ni anasa ahesabu tangu alfajiri.
11:00. Mazoezi ngazini.
11:20–12:20. Onyesho la 5. Ngazi zinatazama mashariki, kwa hiyo majengo yatazitia kivuli mapema. Mwanga ni laini lakini unapungua kila dakika. 5B kwanza, ISO isipite 1600.
12:30. Kufungasha. 1:15 usiku kila mtu ameondoka.

SAUTI

Upepo ni wa kusi. Maiki zote za nje zivae manyoya. Sponji peke yake haitoshi ngazini. Barazani, maiki ya kifua chini ya kanzu pamoja na bumu. Sebuleni pangaboi linazimwa kila tunaporekodi na kuwashwa tukikata. Jokofu linazimwa saa 5:00. Fundi sauti aweke ufunguo wa gari lake ndani ya jokofu, hatasahau kuliwasha jokofu kabla ya kuondoka.

KADI NA UMEME

Kwa megabiti 150 kwa sekunde, dakika moja inakula GB 1.1 hivi. Tunakadiria dakika 110 hadi 120, basi kadi tano za GB 128, moja kwa kila onyesho. Kadi inabadilishwa kila baada ya onyesho hata ikiwa nusu, inanakiliwa kwenye diski mbili wakati wa chai, chakula na saa 10. Haifutwi siku hiyo. Taa mbili za LED za wati 200 zinatumia soketi mbili tofauti. Umeme ukikatika, 3E na 3F zinapigwa kwa mwanga wa dirisha na ubao mweupe wa kurudisha mwanga, 3H inasubiri.

TUKICHELEWA

Zinaondoka kwa mpangilio huu: 1D, 2C, 3G, 4E, 2B. Tukiwa nyuma kwa dakika 30 ifikapo saa 4:00, 4B na 4C zinaunganishwa kuwa 4A ya pili kwa 50 mm. 3C, 3E na 5B haziguswi.

VIBALI NA ADABU

Leseni ya filamu kutoka KFCB, bodi ya kuainisha filamu Kenya, na ruhusa za maandishi za wenye nyumba ziko kwenye faili la kijani, kwa mwangalizi wa lokesheni, nakala mbili. Droni hatuna. Kamera isielekezwe bandarini wala kwenye msikiti watu wakiingia. Mpita njia akitokea kwenye fremu akakataa, shoti inarudiwa hapohapo, hakuna kubishana. Mavazi ya mafundi: magoti na mabega yafunikwe. Shikamoo kwanza, vifaa baadaye.