Yah: Mazungumzo yetu ya jana kuhusu mfumo wa kompyuta wa duka la Ngamiani na hatua zinazofuata

Bi. Mwanaidi, shikamoo.

Nashukuru sana kwa saa nzima uliyonipa jana Jumanne kwenye simu, na wateja wako dirishani wanasubiri. Naandika hapa nilivyoelewa, ili unisahihishe kabla hatujagusa chochote. Hamisi nimemtumia nakala kwa sababu mengi yanapita mikononi mwake.

Lililonikaa zaidi ni ile mifuko 37 ya saruji iliyopungua kwenye hesabu ya mwezi uliopita. Ulikuwa umeshaanza kuwatilia shaka vijana wa ghalani, mpaka Hamisi akakumbuka kuwa gari la Muheza lilipakia mifuko 30 palepale ghalani Barabara ya 14, halikupitia dukani, na hakuna aliyeandika. Saba iliyobaki ilikuwa imeganda, ikawekwa pembeni. Kwa hiyo sioni wizi hapo. Naona mali inayohama kati ya ghala, duka na tawi la Muheza, na kila mahali pana daftari lake lisilojua la mwenzake. Tukiweka mfumo wa kompyuta juu ya hali hiyo bila kuirekebisha, utakuwa umenunua daftari la nne.

Saruji yenyewe inahitaji jicho la pekee. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mfuko ukikaa muda mrefu unashika. Nitaweka kila mzigo uandikwe tarehe ulioingia, ili uliotangulia utoke kwanza.

Jambo la pili ni vipimo. Misumari unainunua kwa katoni ya kilo 25, unauza kwa kilo na hata robo. Nondo inaingia ikiwa na mita 12, fundi anataka nusu. Programu uliyojaribu mwaka juzi ilishindwa hapo, na vijana wakarudi kwenye karatasi. Walikuwa na haki. Tutapanga vipimo hivi mwanzo kabisa, na nitakaa na wauzaji wako wenyewe, maana wao ndio wanaojua kipande cha nondo kinachobaki kinauzwaje.

Kuhusu mali kauli: mafundi 60 na zaidi, madeni yako kwenye daftari jekundu, na mengine kichwani mwako tu. Hili ndilo naomba tulianze mapema. Kila deni liwe na jina, tarehe, mzigo na ahadi ya kulipa, na fundi akipunguza apate ujumbe wa salio lake. Tukishatunza majina na namba za simu kwenye kompyuta, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu, pamoja na usajili kwenye Tume yake. Nitakusaidia kujaza fomu.

Malipo ya lipa namba, ambayo ujumbe wake unaingia kwenye simu ya Hamisi, yataandikwa kila jioni na kulinganishwa na mauzo. Risiti za TRA zitaendelea kutoka kwenye mashine ya EFD kama kawaida. Umeme au mtandao ukikatika, duka litaendelea kuuza na kumbukumbu zitapanda baadaye.

Uliniuliza pia kuhusu tovuti ya wateja kuagiza mtandaoni. Nakuomba tuiache kwa sasa. Mteja akiagiza mabati ya geji 28 mtandaoni na ghalani hayapo, lawama itakuja kwako. Tuijadili hesabu ikishakaa sawa kwa miezi sita.

Ninachopendekeza: Jumapili tarehe 15, duka likiwa limefungwa, nije na mwenzangu mmoja tuhesabu mali yote, tuanzie ghalani saa 2 asubuhi kisha dukani. Muheza twende Jumatatu. Hesabu hiyo ni shilingi 250,000, na karatasi zake ni zako hata ukiamua kutoendelea nami. Ukiridhika, kuweka mfumo sehemu zote tatu na kufundisha wauzaji ni shilingi 1,850,000, nusu mwanzoni na nusu baada ya mwezi mmoja wa majaribio. Katika mwezi huo madaftari yaendelee kuandikwa sambamba. Ni kazi mara mbili, najua, lakini ndiyo njia ya kuona kosa liko wapi.

Kwa upande wako naomba vitu vitatu: orodha ya bei ya sasa, picha za kurasa za daftari jekundu zenye madeni ya miezi mitatu ya mwisho (majina yafunike kwanza, nataka kuona mnavyoandika tu), na mtu mmoja pale ghalani atakayesaini kila mzigo unaotoka. Huyo wa tatu ndiye muhimu kuliko vyote. Ulimtaja kijana anayeshika funguo. Kama unamwamini, basi awe yeye.

Nitakupigia kesho Alhamisi baada ya Alasiri kusikia kama Jumapili inakufaa. Kama nimekosea popote hapo juu, hasa ile mifuko 30 ya Muheza, tafadhali niambie.

Wako,
Salim
Barabara ya 8, Tanga