Kotesheni ya stendi ya tangi, Donholm: A Sh 371,200 au B Sh 168,200 (naomba jibu kufikia Ijumaa)

Bi. Mwende,

Habari za tangu Jumanne. Nimeambatisha kotesheni ya kurasa mbili. Ukiwa na haraka, fungua ukurasa wa pili tu. Ndipo penye bei na mchoro. Zote mbili zina VAT ya 16% ndani.

A ni stendi mpya ya mita 6 ya tangi la lita 10,000: Sh 371,200, siku tisa za kazi, dhamana miaka mitatu.

B ni kukata miguu miwili iliyoliwa na kutu na kuchomelea mipya: Sh 168,200, siku tatu, dhamana miezi sita. Hapo mtabaki na tangi la lita 5,000 mlilo nalo.

Mimi ningechagua A. Wapangaji wameongezeka, na maji ya mfereji yakipotea siku mbili hizo lita 5,000 hazifiki mbali. Lakini kama kamati haina pesa mwezi huu, B ni kazi halali, si ya kubahatisha.

Najua mtaletewa bei ya chini kuliko yangu ya A. Mkiipata, muulizeni fundi huyo atachimba msingi futi ngapi. Tangi hilo likijaa lina tani 10 za maji, na hapo kwenu ni ule udongo mweusi: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Nimepiga hesabu ya kuchimba futi tano na kumwaga zege lenye nondo, na karibu robo ya bei inaenda chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kuisifu.

Ambacho hakimo: tangi lenyewe, na kazi ya fundi wa mabomba. Nimekiandika pia ukurasa wa kwanza kwa herufi nzito ili tusije tukavutana baadaye.

Malipo ya kuanzia ni 60%. Kwa A ni Sh 222,720, bado ndani ya Sh 250,000 ambazo M-Pesa inaruhusu kwa mara moja, ingawa benki ni sawa vilevile. Ankara ya eTIMS mtapata. Bei hii nitaishikilia siku 14, vyuma havitabiriki.

Nakumbuka ulisema kamati inakutana Jumamosi. Kwa hiyo nijibu hapa kwa herufi moja tu, A au B, au uniandikie kinachowakwaza. Kama mwekahazina ana maswali, niko tayari kuja mwenyewe kwenye mkutano, sitatoza nauli. Alhamisi saa nne asubuhi nitakupigia kuhakikisha kiambatisho kimefunguka. Kikikataa, niambie nikutumie picha zake kwa WhatsApp.

Asante, na msalimie mlinzi aliyenishikia ngazi.

Otieno
Fundi wa vyuma, Kariobangi Light Industries